Mitambara inazaa, maotea hayapo

*"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji upande wa Amani, Muheza. Tuna msitu wa kijiji wa ekari kama 15, umezungukwa na chai na mashamba ya iliki na mihogo. Misambu na mitambara mikubwa ipo na inazaa, lakini ukipita ndani huoni michanga yake, ila michanga ya mti wa msizi tu. Wazee wanasema kima na popo ndio wanaomaliza mbegu, tuwafukuze. Vijana wanasema tupande miche. Watafiti wamegundua nini, na sisi tushike lipi?"*

Marahaba, mwanangu. Kabla hamjamfukuza mnyama yeyote, nenda chini ya mtambara mmoja wakati matunda yanadondoka, uchuchumae, ufunue majani makavu kwa mkono. Utakutana na mbegu za hali tofauti. Ziko zilizodondoka na tunda lake zima, nyama imeshaanza kuoza na kushika ukungu. Ziko zilizo safi kabisa, nyama imetolewa yote na ganda halina jeraha. Ziko zenye alama za meno, mistari miwili miwili, na ndani zimebaki tupu. Na ziko zenye kitundu kidogo cha mviringo ambamo mdudu ametokea. Kila moja inakueleza nani amepita hapo na kafanya nini, na ugomvi wa wazee na vijana wenu unaanza kutatulika palepale.

Wazee hawajasema uongo, wameona nusu ya jambo. Wapo kweli wanyama wanaoua mbegu. Ninga, yule njiwa wa kijani, anaonekana kama mla matunda tu, kumbe firigisi lake linasaga mbegu za mkuyu zikawa unga. Mbega naye hutafuna mbegu changa pamoja na tunda bichi. Panya wengi hula mbegu papo hapo. Lakini kima hafanyi kazi moja tu. Mbegu ndogo huzimeza na kuzitoa katika kinyesi mahali pengine. Mbegu kubwa huzijaza kwenye mifuko ya mashavu, akaenda kukaa tawi la mbali kidogo, akala nyama kwa nafasi na kutema mbegu. Zile safi zisizo na jeraha, nyingi ni za namna hiyo. Baadhi huzivunja kwa meno, sikatai. Ila ukimfukuza kwa ajili ya zile anazovunja, umezikosa na zile anazozibeba. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila mnyama ni kama mbegu inatoka kwake ikiwa hai, na inatoka mbali kiasi gani na mama yake. Kwamba amekula tunda si kosa, maana mti umelitengeneza tunda liliwe.

Kwa nini umbali una maana? Mwaka 1970 Daniel Janzen, na mwaka 1971 Joseph Connell, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba chini ya mti mama ndipo mahali pa hatari zaidi kwa mtoto wake. Ukungu unaoshambulia aina hiyo ya mti umeshajaa kwenye udongo wa hapo kwa sababu chakula chake hakikatiki. Wadudu wanaotaga kwenye mbegu hizo wanajua pa kuzipata. Panya akikuta mbegu mia mahali pamoja hahangaiki kwenda kwingine. Kisha kuna kivuli cha mama mwenyewe. Mbegu ikipelekwa hata hatua 20 tu kutoka hapo, maadui wake wengi hawaioni. Ndiyo maana unaweza kukuta zulia la maotea chini ya mti kila msimu, yote ya kimo cha kifundo cha mguu, na mwaka unaofuata ukakuta zulia jipya la kimo kilekile. Yale ya mwanzo yalikwisha. Mtu anapita, anaona majani mabichi mengi, anasema msitu unazaa. Unazaa ndiyo, ila haulei.

Sasa nikueleze walichokikuta watafiti, na bahati yako ni kwamba kazi ambayo mimi huirejea zaidi kuliko nyingine imefanywa hapo hapo milimani kwenu, Usambara Mashariki. Norbert Cordeiro na Henry Howe walihesabu miche na miti michanga katika msitu mkubwa na katika vipande vilivyobaki katikati ya chai na mashamba, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Walichukua aina 31 za miti inayotegemea wanyama. Katika msitu mkubwa na vipande vya hekta 30 na zaidi, maotea na miti michanga ya aina hizo ilikuwa zaidi ya mara 3 ya ile iliyokuwa katika vipande vidogo vya hekta 9 kushuka chini. Kwa aina 10 kati yake ambazo ni za asili ya milima hii na hazipatikani kwingine, tofauti ilikuwa mara 40. Walihesabu pia ndege wala matunda na wanyama wa jamii ya kima, wakakuta wanapungua kadiri kipande kinavyokuwa kidogo. Ekari zenu 15 ni kama hekta 6. Mko katika kundi la vipande vidogo.

Hapa msomaji makini ana haki ya kuuliza: je, si kuni? Si mbuzi? Si upepo na jua la pembeni linalokausha udongo? Vipande vidogo vina shida hizo zote, na huwezi kumpa ndege lawama au sifa bila kuzitenganisha. Kinachonifanya niuamini utafiti huu ni kwamba walipima pia aina 8 za miti ya ndani ya msitu ambayo mbegu zake hupeperushwa na upepo au hudondoka zenyewe. Hiyo haikupungua katika vipande vidogo. Ingekuwa shida ni kuni, mbuzi na jua peke yake, miti hiyo nayo ingeumia, maana panga la mkata kuni haliulizi mbegu ililetwa na nani. Iliyoumia ni ile yenye kusubiri mbebaji.

Miaka miwili baadaye, 2003, watafiti hao hao walifuata mti mmoja kwa karibu, *Leptonychia usambarensis*, mti mdogo wa chini ya kivuli usiopatikana nje ya milima ya huku. Tunda lake likipasuka, mbegu hubaki zikionekana zimevikwa nyama laini, na ndege wadogo wa msituni wa jamii ya shore huja kuzichukua. Katika vipande vidogo ndege hao walikuwa wachache au hawapo kabisa. Mbegu chache zilichukuliwa, kutoka miti michache. Na walipotazama ardhini, miche ilikuwa imesongamana chini ya mama, huku miti michanga iliyo zaidi ya mita 10 kutoka kwa mti mkubwa wowote wa aina hiyo ikiwa michache kuliko katika msitu mkubwa. Yale maelezo ya Janzen na Connell niliyokutajia, unaweza kuyapima kwa kamba hapo kijijini.

Utashangaa kwamba ndege mwenye mabawa anashindwa kuvuka shamba la chai. Anashindwa. Shore wa ndani ya msitu amezoea kivuli, anaruka hatua fupi kutoka kichaka hadi kichaka, na eneo wazi kubwa kwake ni kama bahari. Kwa hiyo kipande kikitengwa na wale waliomo wakafa kwa uzee, manati au mitego, hakuna wa kuja kuziba nafasi. Hondohondo hana shida hiyo. Yeye hupaa juu ya mashamba kutoka mlima hadi mlima, mradi akute mti mrefu wa kutua na tundu la kutagia. Kwa hiyo msitu wenu unaweza kuwa na kelele za hondohondo asubuhi na bado ukawa umepoteza wabebaji wa miti yote midogo ya chini. Ukisikia ndege wengi, usiridhike. Uliza ni wa aina gani.

Popo nao wamedhulumiwa sana, hasa na sisi watu wa pwani tunaowahusisha na mambo yasiyo yao. Utafiti uliofanywa hapo Usambara Mashariki na kuchapishwa mwaka 2013 uliokota mbegu chini ya miti ambayo popo wa matunda huenda kulia usiku, ukakuta mbegu za zaidi ya aina 40 za mimea. Mtambara wenu ulikuwamo. Tabia ya popo ni kuchuma tunda na kwenda kulila kwenye mti mwingine aliouchagua, akihofia bundi na wanaomvizia pale penye matunda. Mbegu kubwa ya mtambara hawezi kuimeza, basi huguguna nyama na kuiachia. Ukikuta lundo la mbegu za mtambara chini ya mti usio mtambara, usilaumu. Huo ni mzigo uliofika.

Mbegu ndogo popo huzimeza, na hapo anafanya jambo ambalo ndege wengi hawalifanyi: anajisaidia akiwa angani, juu ya eneo wazi. Ndege wengi hutua kwanza. Mvule, mti ambao kila mzee wa Tanga anaujua kwa mbao na kwa hadithi zake, mbegu zake ni ndogo mno na popo ni mbebaji wake mkubwa. Nchini Ghana watafiti waliwafunga popo wakubwa wa rangi ya majani makavu vifaa vya kufuatilia safari zao, na mwaka 2016 wakakadiria kwamba mbegu ndogo iliyomezwa inaweza kufika hadi kilomita 75. Hiyo ni kama kutoka Amani kwenda Tanga mjini na ziada. Mkiwafukuza popo kwa moshi, mtabaki na mivule iliyopo mpaka izeeke.

Msambu ni habari nyingine, na nakuomba hapa usome taratibu. Tunda lake ni zito, la kahawia, kubwa kama kichwa cha mtu au kupita, na linaanguka lenyewe likikomaa. Hakuna ndege wa kulibeba. Mbegu zake za mafuta huchukuliwa na panya buku. Huyu ni panya, anakula mbegu, na zilizo nyingi atazila. Lakini ana tabia ya kuhodhi. Anajaza mashavu, anakwenda kufukia huku chache na kule chache, au anazipeleka shimoni. Mbegu iliyofukiwa imefichwa na jua na wadudu wengine. Mwenye shimo akifa, au akisahau, au msimu ukiwa na mbegu nyingi kuliko njaa yake, ile iliyobaki inaota. Mbegu ya msambu hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuota, hivyo kufichwa kwake ni jambo kubwa. Sasa fikiri: panya buku anauzwa kama kitoweo, na mbegu za msambu zinaokotwa kwa kuuza. Mbegu zinapookotwa karibu zote, panya aliyebaki hula kila anachopata, hana cha kusahau. Msambu wenu kutokuwa na watoto huenda kunaanzia kwenye kiroba, wala si kwa kima.

Na msizi je? Huo ndio unaonyesha kwamba wanyama hawachagui upande wetu. Msizi uliletwa Amani na Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, haukuwa mti wa milima hii. Miaka ya 1970 na 1980, magogo yalipokatwa kwa mitambo na mianya mikubwa ikafunguka, msizi ukaenea kwa sababu unapenda mwanga na unakua haraka. Utafiti wa Cordeiro na wenzake wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba hondohondo ndiye mbebaji wake mkuu. Anameza tunda zima, anakaa nalo tumboni wakati anasafiri, anatema mbegu mbali. Kima alizidondosha karibu zaidi. Kwa hiyo katika kipande kilichopoteza shore na panya buku lakini kimebaki na hondohondo, mbegu inayofika kwa wingi ni ya msizi, na mwanya ukifunguka ndio unaokuta mlango wazi. Ulichokiona wewe kwa macho yako, msizi peke yake, kinafuata njia hiyo hiyo.

Nisikufanye uamini kwamba kila kipande kidogo kila mahali kinaishia hivyo. Katika msitu wa Kakamega, Kenya, watafiti waliufuatilia *Prunus africana*, ule mti ambao gome lake huchumwa kwa dawa ya tezi dume, wakakuta matunda yake yalichukuliwa zaidi katika vipande na sehemu zilizoharibiwa kuliko ndani ya msitu. Sababu ni kwamba mti huo haumchagui mgeni: ndege wa kawaida wa mashambani wanaula pia. Lakini kule Milima ya Taita, mti wa ndani ya msitu uitwao *Xymalos monospora* ulionyesha hali ya Usambara: palipoharibika, mbegu chache zilibebwa. Ukiziweka kazi hizi pamoja, sura inayojitokeza ni kwamba mti wenye matunda madogo na wageni wengi unavumilia, na mti wenye mbegu kubwa au wageni wachache wa kivulini unaumia kwanza. Tena unaumia kimya kimya. Mtambara mkubwa unaweza kusimama miaka mingi baada ya mbebaji wake wa mwisho kutoweka, ukiendelea kuzaa, na kijiji kikiona msitu uko salama.

Basi pima msitu wako kabla ya kuamua. Chukua kamba ya mita 10, kijiti cha kimo cha goti na daftari. Chagua mitambara 10 iliyozaa, isiyokaribiana. Kila mti, zunguka chini ya matawi yake uhesabu maotea ya chini ya goti, kisha uhesabu yaliyopita goti. Halafu toka nje kwa kamba, mita 10 kutoka ukingo wa matawi, uzunguke tena uhesabu vilevile katika ukanda wa upana wa hatua mbili. Andika pia kama unaona visiki vya panga, njia za mbuzi, au ardhi iliyofagiwa na waokota kuni. Kwa watu wawili ni kazi ya siku moja, au mbili mkienda taratibu.

Tuseme mti wa kwanza una maotea 60 chini ya matawi, hakuna hata mmoja uliopita goti, na nje ya kamba hakuna kitu. Mti wa pili 45, mmoja tu wa goti, nje sifuri. Ukiendelea hivyo mpaka wa kumi, mbegu zinaota ila hazibebwi, na huna budi kushughulikia wabebaji. Lakini ukikuta maotea 15 chini na 12 nje, kote kote hakuna aliyepita goti, na visiki vidogo vya panga vimejaa, basi wabebaji wapo na kinachoua ni kuni, mbuzi au kivuli kizito. Hapo kufukuza wala kuita wanyama hakutasaidia. Na ukikuta chini ya msambu hakuna otea hata moja, wala tunda, wala mbegu, jibu liko kwa waokotaji. Usichanganye hesabu za msambu na za mtambara, kwa sababu huenda mna magonjwa mawili tofauti katika ekari zilezile.

Nimewahi kupita kipande kimoja cha mlimani, kidogo kuliko chenu, na kamati yake iliyokuwa imepanda miche 400 ya mtambara katika safu, chini ya mitambara yenyewe, kwa sababu "ndipo inapopenda". Baada ya mvua mbili nilihesabu nao miche 30 na kitu, na mingi ilikuwa na majani yaliyotobolewa. Waliinunua kwa michango ya kijiji. Iliniuma, maana walikuwa wameifanya kwa bidii kazi ambayo mti wenyewe huifanya bure kila msimu, na mahali pale pale inaposhindwa.

Kwa hiyo vijana wenu wako sawa, kwa sharti kwamba wafanye kazi ya popo na ya shore, si ya mti mama. Okota mbegu kutoka mama wengi, angalau 10, ili msirudie ukoo mmoja. Osha nyama yote siku hiyo hiyo kabla ukungu haujashika. Mbegu kubwa kama hizi zinapoteza uhai zikikauka, hivyo msizianike juani wala kuziweka ghalani kama mahindi. Zipelekwe kitaluni kwenye kivuli zikiwa mbichi, au zifukiwe moja kwa moja, mojamoja na si lundo, kina cha kidole, mahali palipo zaidi ya mita 20 kutoka mtambara wowote na penye mwanya mdogo wa mwanga. Kwa msambu, kubalianeni kwenye mkutano kwamba baadhi ya miti haiokotwi kabisa, itiwe alama ya rangi, na panya buku wasitegwe ndani ya msitu. Na tafadhali msikate msambu "usiozaa". Msambu una dume na jike. Yule asiyezaa huenda ndiye anayewapa wengine chavua.

Lakini kupanda kuna mpaka wake, na nakuambia ukweli kwa sababu wengi huambiwa kinyume. Kwa mikono mnaweza kuzibebea aina 3 au 4 mnazozijua. Msitu wenu una makumi ya aina, nyingi za vichaka na miti ya chini ambayo hakuna anayeiotesha kitaluni. Hizo zinahitaji shore arudi. Na shore hatarudi kwa kupita juu ya chai. Anahitaji ukanda wa kichaka wa kumfikisha. Tazama kama kuna kijito kinachotoka msitu mkubwa kuja kwenu. Mara nyingi kandokando ya kijito ndipo pa rahisi kukubaliana, kwa kuwa hakuna anayelima majini. Upana wa hatua 30 kila upande, uachwe uote wenyewe, mkiongeza mikuyu na miti ya matunda madogo. Iliki nayo mnailima chini ya kivuli. Wenye mashamba ya iliki wakiacha miti mikubwa ya asili juu, ndege wa kati na hondohondo wanapata vituo. Kwa shore wa chini kabisa haitoshi kama chini kumefyekwa safi, na hilo mlijue msije mkakata tamaa.

Kama mna sehemu iliyobaki nyasi tupu pembeni, msifikiri kwamba kusimika vijiti vya ndege kutua kutaleta msitu. Vijiti kweli huleta mbegu. Kibale, Uganda, utafiti wa 1999 kwenye mashamba yaliyoachwa ulikuta mbegu nyingi zaidi zikidondoka chini ya miti iliyosimama peke yake kuliko kwenye nyasi. Lakini mbegu kufika si kuota, na kuota si kukua: nyasi ndefu huzisonga na panya wa nyasini huzila. Kilichofanya kazi vizuri, katika majaribio ya muda mrefu ya Kosta Rika, ni kupanda miti kwa visiwa, makundi madogo yenye nafasi kati yake, badala ya kujaza eneo lote. Ndege huja kwenye kisiwa, kivuli huua nyasi, na kisiwa kinapanuka chenyewe. Ni nafuu kwa mfuko wa kijiji pia.

Kuhusu msizi, msianze kukata. Ukiangusha msizi mkubwa unafungua mwanya wa jua, na mbegu zinazosubiri pale kwa wingi ni za msizi. Ng'oeni maotea yake kwa mkono yakiwa bado ya kimo cha goti, udongo ukiwa na maji, hasa karibu na miche mliyopanda. Ile mikubwa iacheni mpaka mtu wa misitu aione na mjue mtaweka nini mahali pake.

Na hapo ndipo unapohitaji mtu wa kuja kwa miguu yake, si maandishi yangu. Mwite ofisa misitu wa wilaya kabla ya kukata mti wowote mkubwa, kwa sababu msitu wa kijiji unaongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na mpango wenu wa usimamizi, na kamati ikikata nje ya mpango inaweza kujikuta mashakani ingawa nia ilikuwa njema. Waone watu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani kabla ya kuotesha ukanda unaogusa mpaka wao, na waombe mtu anayewajua ndege atembee nanyi asubuhi mbili. Sikio lake litawaambia kwa saa chache kama shore wa ndani bado wapo. Mkikuta popo wengi wamekufa au wameanguka, msiwashike kwa mikono, toeni taarifa kwa ofisa mifugo na ofisa wanyamapori. Na kama kuna popo wanaolala darini mwa shule au zahanati, hilo ni suala la kuziba matundu ya paa kwa ushauri wao, halihusiani na wale wanaoubebea msitu mbegu usiku.

Mvua za vuli zikianza, udongo ukilainika na maotea yakionekana vizuri, pigeni ile hesabu ya miti 10. Andika kila mti safu yake: chini ya matawi, nje ya kamba, chini ya goti, juu ya goti. Nitumie daftari hilo lilivyo, hata kama limeloa, tuangalie pamoja mtambara wenu umekwama hatua ipi.